Kanieneo, presha au PN: njia tatu za kutafsiri maelezo ya mabomba kwa mafundi wa saiti

Hati imeletwa Ijumaa jioni. Ni kurasa thelathini na mbili za maelezo ya kazi za maji kwa jengo la ghorofa nne, Kiingereza kitupu, na mhandisi anataka Kiswahili chake Jumatatu asubuhi kabla mafundi hawajaanza kukata bomba. Ukurasa wa kwanza tu unakukwamisha. Ule msukumo wa maji uuite kanieneo, kama zinavyouita kamusi za fizikia, au presha, kama anavyosema fundi, au uache tu PN kama ilivyopigwa chapa ubavuni mwa bomba? Nimekuwa mkalimani na mfasiri wa saiti za Dar es Salaam na Dodoma kwa miaka kadhaa. Njia zote tatu nimezitumia, na mara moja nilinakili namba bila kujiuliza inapima nini, kosa ambalo nitalieleza mbele.

Njia ya kwanza ni Kiswahili sanifu: unachukua istilahi za kamusi na vitabu vya shule, na pale zinapokosekana unaunda kwa kufuata mtindo uleule. Njia ya pili ni lugha ya saiti, yaani maneno ambayo fundi na muuza vifaa wanayatumia kutwa, mengi yakiwa ya Kiingereza yaliyoshavaa matamshi yetu. Njia ya tatu naiita ya msimbo: alama na namba zinabaki kama zilivyo kwenye bidhaa na kwenye mchoro, halafu Kiswahili chepesi kinaeleza kitu hicho kinafanya nini.

Nitazipima kwa maswali manne. Je, fundi akisoma peke yake ataelewa bila kumpigia mtu simu? Je, mtu wa manunuzi akienda nayo dukani atarudi na kitu kilekile alichokusudia mhandisi? Je, mshauri wa mradi ataweza kuiweka tafsiri kando ya hati ya asili na kukagua mstari kwa mstari? Na je, tafsiri hiyo ikivuka mpaka wa mkoa au wa nchi, bado itasomeka vilevile?

Ili tusizungumze hewani, chukua kipengele kimoja cha bomba la kupandisha maji baridi. Kwa njia ya sanifu kitasomeka hivi:

"Neli ya polipropilini yenye kipenyo cha nje cha milimita 25 na kanieneo ya kawaida ya baa 20, ifungwe vali ya lango ya shaba njano na vali ya kuzuia maji kurudi, kisha ijaribiwe kwa kanieneo iliyo mara moja na nusu ya kanieneo ya kazi."

Kwa lugha ya saiti:

"Paipu ya PPR ya robo tatu, presha 20, iwekwe geti valvu ya brasi na noni-ritani, halafu ipigwe testi moja na nusu."

Kwa msimbo:

"Bomba PPR 25 mm (kipenyo cha nje), PN20. Valvu ya geti, brasi, 3/4", PN16. Valvu ya kuzuia maji kurudi (NRV), 3/4", PN16. Presha ya kazi 6 bar. Presha ya jaribio 9 bar."

Wa kwanza unasomeka kama kitabu, wa pili kama mazungumzo, wa tatu kama lebo. Ukitazama vizuri utaona wa tatu umelazimika kutaja mambo ambayo ile miwili imeyaruka: saizi ya valvu, PN ya valvu, na presha yenyewe kwa namba. Kuyapata ilibidi nirudi kwenye mchoro. Huo ndio muda unaoulipia ukichagua njia ya msimbo.

Bomba limetengenezwa kwa nini

Kwa jina la nyenzo, Kiswahili sanifu kinajitahidi lakini kinachoka mapema. "Chuma kilichopakwa zinki", yaani GI, kinaeleweka na kila mtu, na ni sahihi. "Polithini ya msongamano mkubwa", yaani HDPE, ni sahihi pia, ila sijawahi kumwona fundi akiitamka. Shida kubwa iko kwenye shaba. Neno hilo moja linabeba shaba nyekundu ya bomba, shaba njano ya valvu, na hata mchanganyiko wa shaba na bati. Ukiandika "shaba" pasipo kuongeza rangi, umeacha mlango wazi.

Lugha ya saiti hapa iko vizuri: GI, PPR, PVC na brasi vyote vinaeleweka kaunta yoyote ya vifaa vya ujenzi. Udhaifu wake ni kwamba "PVC" au "plastiki" kwa fundi ni bomba la maji taka na la maji safi pia, ilhali la maji taka halikutengenezwa kubeba presha. Kwa HDPE, njia ya msimbo inakupa nafasi ya kuongeza ishara ya macho: bomba jeusi lenye mistari ya buluu, HDPE, PE100. Mkaguzi anaona msimbo, kibarua anaona mistari.

Kosa langu nililolitaja lilikuwa kwenye ukubwa, na linastahili kuelezwa lote. Mradi ulikuwa jengo la ofisi lenye ghorofa nne. Hati ya asili ilitaja bomba la kupandisha maji la GI, 25 mm. Baadaye mkandarasi akaruhusiwa kubadilisha GI iwe PPR, nami nikaletewa barua ya mabadiliko niitafsiri. Nikabadili jina la nyenzo, 25 nikaiacha ilivyo. Kwenye karatasi hakuna kosa: namba ni ileile.

Lakini 25 ya GI na 25 ya PPR zinapima vitu viwili tofauti. Kwenye GI namba hiyo ni jina tu linalokaribiana na tundu la ndani. Bomba lenyewe kwa nje ni milimita 33.7, na la uzito wa kati lina uwazi wa ndani wa kama 27. Fundi analiita inchi moja. Kwenye PPR, 25 ndiyo kipenyo cha nje, na ukuta ni mnene: PN20 ina ukuta wa milimita 4.2 kila upande, kwa hiyo uwazi unaobaki ni 16.6. Hilo fundi analiita robo tatu. Ukihesabu eneo la uwazi, la lile la kwanza ni zaidi ya mara mbili na nusu ya la hili la pili.

Jengo likakamilika, ghorofa ya chini maji yakatoka kwa nguvu, ya nne yakawa yanachuruzika. Tulijua tatizo liko kwenye bomba siku tulipopima kwa ndoo: ndoo ya lita ishirini juu ilichukua zaidi ya dakika tatu kujaa, wakati pampu, tenki na valvu zote zilikuwa sawa. Bomba la kupandisha likang'olewa na kuwekwa PPR 40, ambayo uwazi wake wa ndani ni 26.6, karibu sawa na ile GI ya mwanzo. Duka lingekupa PPR 32 ukiuliza "inchi moja", na hiyo ina uwazi wa 21.2 tu.

Sasa pima njia zetu kwa kisa hicho. Sanifu ingeniokoa kama ningeandika "kipenyo cha nje" au "kipenyo cha ndani" kila mara, kwa sababu ningelazimika kujiuliza ni kipi. Lugha ya saiti ingeniokoa kwa namna nyingine: ningeandika "inchi moja" kwa GI, na fundi mzoefu akaona kwamba robo tatu haiwezi kuwa badala yake. Msimbo mtupu ndio ulioniponza. Msimbo usio na maelezo ya nini kinapimwa ni kunakili tu.

Presha na madaraja yake

Hapa ndipo nitakaa muda mrefu, maana hapa ndipo maneno yanapofanana na maana zinapotofautiana.

Anza na jina lenyewe. "Kanieneo" ni neno zuri: kani juu ya eneo, na mwanafunzi aliyelisoma shuleni analielewa mara moja. Ila kwenye saiti mafundi wengi hawalitumii. "Shinikizo" linajulikana zaidi na linasomeka Kenya na Tanzania, ingawa msomaji wa kawaida analihusisha kwanza na damu. "Presha" nayo ina hilohilo: nimewahi kusikia kibarua akimwambia msimamizi, "Hili bomba lina presha ya tisa, mzee," na msimamizi akajibu, "Nami pia." Pamoja na hayo, presha ndiyo inayosomwa na kila mtu aliyesimama mbele ya geji. Kwa kipimo chenyewe, mimi huandika bar kama ilivyo kwenye uso wa geji. Ukiandika "baa 9" mtu hataacha kukutania.

PN ikifuatwa na namba ni presha ya maji ambayo bomba au kiungio kimepangiwa kubeba, kwa bar, maji yakiwa na digrii 20. Bar moja ni kama maji yaliyosimama kwa kimo cha mita kumi, kwa hiyo tenki lililo mita thelathini juu ya koki linaisukuma kwa bar 3 hivi. Maneno ya mwisho kuhusu digrii 20 ndiyo yanayoachwa na watafsiri. Lugha ya saiti inasema "presha 20" na kuishia hapo. Sanifu inasema "kanieneo ya kawaida ya baa 20", na hilo neno "kawaida" linamfanya msomaji adhani ni presha ya kila siku. PPR ya PN20 ikipitisha maji ya digrii 70 kwa maisha yake yote ya miaka 50, inachoweza kubeba ni chini ya nusu ya hizo bar 20. Kwa laini ya maji moto, basi, njia yoyote unayoichagua iongezewe sentensi moja: PN hii ni ya maji baridi, kwa maji moto fuata jedwali la mtengenezaji.

Halafu kuna jambo la klasi. Mabomba ya GI yaliyofuata kiwango cha BS 1387, ambacho hati nyingi bado zinakitaja ingawa BS EN 10255 ilichukua nafasi yake mwaka 2004, yana uzito wa aina tatu: jepesi lenye mkanda wa kahawia, la kati lenye mkanda wa buluu, na zito lenye mkanda mwekundu. Kwenye biashara yetu uzito huo huitwa klasi A, B na C. Bomba la uPVC la kiwango cha zamani cha BS 3505 nalo lina klasi za herufi, lakini hizo ni za presha: B ni bar 6, C ni bar 9, D ni 12, E ni 15. Kwa hiyo klasi C ya GI ni unene wa chuma, na klasi C ya uPVC ni bar 9. Herufi moja, hati moja, pengine ukurasa mmoja.

Mtafsiri wa njia ya sanifu atageuza klasi kuwa "daraja". Kisarufi hana kosa, lakini katika Kiswahili chetu daraja A ni la aliyefaulu vizuri, na daraja C ni la aliyepita kwa shida. Nilishuhudia mwenye nyumba akisoma "bomba la chuma daraja C" na kumfokea fundi kwa nini anataka kumwekea mali hafifu; yeye analipa fedha zake, apewe daraja A. Angepewa alichokitaka angepata bomba jepesi kuliko yote, lenye ukuta wa milimita 2.6 kwa saizi ya inchi moja, mahali penye kuhitaji la milimita 4. Lugha ya saiti haina tatizo hilo kwa fundi mwenyewe, kwani "klasi C" kwake ni jina la bidhaa. Ina tatizo kwa mteja. Njia ya msimbo inalitatua kwa kuacha herufi na kuongeza kinachopimwa: "GI klasi C (zito, mkanda mwekundu)" na "uPVC klasi C (bar 9)". Ukitumia sanifu unaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuliacha neno daraja na kusema uzito au kiwango cha presha.

Namba za valvu zina mtego wa aina hiyohiyo. Valvu moja inaweza kuwa na chapa PN16, na jirani yake kwenye rafu ina 200 WOG. Mtu akitafsiri zote mbili kama "presha", ya pili inaonekana imara mara kumi na mbili. Zile 200 ni paundi kwa inchi mraba, kama bar 14 hivi, yaani pungufu kidogo ya ile PN16. Na 150 ya flanji si bar 150. Ni jina la klasi. Hapa sanifu na lugha ya saiti zote zinapotosha zisipotaja kipimo, na msimbo unashinda kwa kutogusa.

Kuna kitu kimoja cha mwisho kwenye presha. Hati huwa na presha tatu: ya kazi, ya jaribio, na ile PN ya bomba. "Testi moja na nusu" ya fundi inaacha swali: moja na nusu ya ipi? Bomba la PN20 likijaribiwa kwa moja na nusu ya PN ni bar 30, na valvu ya PN16 iliyofungwa kwenye laini hiyo haikuombewa balaa la namna hiyo. Mhandisi alikusudia moja na nusu ya presha ya kazi: kazi 6, jaribio 9. Fanya hesabu mwenyewe uandike namba.

Valvu

Kwa valvu, sanifu ina nguvu isiyotarajiwa, kwa sababu inataja kazi. "Vali ya kuzuia maji kurudi" haihitaji kamusi. "Noni-ritani" ya saiti inajulikana na mafundi wote wa miji mikubwa, lakini msaidizi aliyeanza wiki iliyopita anaitamka tu. "Koki" ndilo neno hatari: kwa watu wengi ni kila kitu kinachofungua na kufunga maji, kuanzia bomba la sinki hadi valvu ya inchi mbili. Usiliweke kwenye hati isipokuwa kwa kifaa cha mwisho anachokishika mtumiaji.

Boli valvu ina sura mbili. Kwenye hati za mabomba ni ile yenye mpini, ambayo ndani ina mpira wa chuma wenye tundu na inafunga kwa robo ya mzunguko. Kwenye Kiingereza cha zamani cha mafundi bomba wa Uingereza, na kwa mafundi wetu wengi waliokipokea, ni boya la tenki. Jinsi ya kujua ni kutazama mahali: ikiwa kwenye mlango wa maji kuingia tenkini, ni boya, ikiwa chini ya bomba la kupandisha au kabla ya pampu, ni ya mpini. Baada ya kujua, andika "boya la tenki" au "valvu ya mpini, robo mzunguko", na usimwachie mtu neno boli.

Msimbo unaweza kuua mtu kwenye herufi tatu: PRV. Zinasimama kwa valvu ya kupunguza presha, na pia kwa valvu ya usalama inayofunguka presha ikizidi. Ya kwanza hufungwa katikati ya laini, maji yanaingia upande mmoja kwa presha kubwa na kutoka upande wa pili kwa ndogo. Ya pili huwa kwenye tawi, imefungwa muda wote, na ikifunguka inamwaga nje. Heita ya maji moto iliyokosa hiyo ya pili haina pa kutolea presha pindi kirekebisha joto kikiharibika. Kwa hiyo ukiikuta PRV, angalia mchoro: kama mdomo mmoja unaelekea kwenye bomba la kumwaga, ni ya usalama. Angalia pia namba. "Itoe bar 3" ni ya kupunguza. "Ifunguke kwa bar 6" ni ya usalama. Hapa njia ya msimbo pekee haitoshi. Lazima ikope sentensi ya sanifu.

Viungio

Viungio havina fumbo kubwa. Elbo, tii, soketi, yunioni, bushi na plagi vyote vinaeleweka, na "kiwiko" kinapendeza kwenye kitabu cha mafunzo. Yako mambo matatu tu ya kuangalia.

La kwanza ni neno "nyuzi". Kwetu nyuzi ni zile za kufungia kwa kuzungusha, na pia ni nyuzi za pembe na nyuzi za joto. Sentensi ya sanifu "kiwiko cha nyuzi" inaweza kuwa chenye uzi wa kufunga au kilichokatwa pembe. Nimeamua zamani: pembe na joto ni digrii, nyuzi ni za kufungia tu. Kwa hiyo elbo ya digrii 90, mashine ya kuchomelea PPR iwekwe digrii 260, na adapta yenye nyuzi za ndani au za nje. Fundi atakuambia dume na jike, nawe huna sababu ya kukataa.

La pili ni tii ya kupunguza. Kwenye PPR mtengenezaji huandika 32x25x32, namba ya katikati ikiwa ya tawi. Kwenye viungio vya chuma cha nyuzi desturi ni kutaja kwanza midomo miwili ya njia iliyonyooka, tawi likawa la mwisho. Ukinakili namba tu, tii yenye tawi dogo inaweza kugeuka tii yenye mdomo mdogo. Maneno machache yanamaliza ubishi: njia 32, tawi 25.

La tatu ni gundi ya uPVC. Jina lake kwenye hati za Kiingereza lina neno la saruji ndani yake, na nimekutana na tafsiri ya sanifu iliyoagiza viungio "vipakwe saruji ya kuyeyusha". Lugha ya saiti isingefanya kosa hilo hata siku moja. Kila fundi anasema gundi.

Kila njia inamfaa nani

Sanifu inamfaa msomaji mwenye muda na asiye na bidhaa mkononi: mwanafunzi wa chuo cha ufundi, mwenye jengo anayetaka kuelewa anachosaini, wakili. Inavuka mipaka vizuri kuliko lugha ya saiti. Neno mfereji, kwa mfano, ni bomba la kuchotea maji kwa Mkenya na ni mtaro kwa Mtanzania, na ukifika Lubumbashi utakuta robine ya Kifaransa. Maelezo ya kazi ya kifaa yanapita kote huko. Inashindwa dukani.

Lugha ya saiti inamfaa fundi na msimamizi wake, hasa kwa mdomo: kikao cha asubuhi, karatasi moja ya kazi ya siku, ujumbe wa sauti. Ndiyo ya haraka kuliko zote na inaheshimu ujuzi wa anayesikiliza. Udhaifu wake ni mkaguzi: "paipu ya robo tatu presha 20" haitalinganishwa na kipengele chochote siku kukitokea mgogoro wa malipo.

Msimbo unamfaa mtu wa manunuzi, mtunza stoo na mshauri. Unachukua muda mrefu kuandaa kwa sababu unakulazimisha kujua, na ukiandaliwa kivivu unakuwa hatari kuliko zile mbili, kama ile 25 yangu.

Kama hali yako ni hii

Kama hati ni sehemu ya mkataba na itakaguliwa, nenda na msimbo, huku kila msimbo ukielezwa kwa Kiswahili sanifu mara ya kwanza unapotokea. Weka pia kifungu kinachosema hati ipi inatangulia zikipingana, na umwachie mwanasheria wa mradi akiandike.

Kama ni karatasi ya kubandika ukutani kwenye kontena la saiti, lugha ya saiti, lakini namba za presha na saizi zitoke kwenye msimbo. Nusu ukurasa unatosha, wenye herufi kubwa.

Kama ni orodha ya kununulia, msimbo mtupu pamoja na rangi ya mkanda au mistari, na jina la dukani pembeni. Mtu wa manunuzi asomee herufi zilizopigwa kwenye bomba lenyewe kabla halijapakiwa garini.

Kama ni mwongozo wa mafunzo, sanifu, na maneno ya saiti yawekwe pembeni ili kijana asishangae siku ya kwanza kazini. Kama mafundi wametoka nchi mbili, kaa nao saa moja kabla ya kutafsiri, mezani mkiwa na vifaa vyenyewe: kila mmoja akitaje kwa jina lake, wewe uandike.

Na kama ni Ijumaa jioni na hati yenyewe haieleweki, usikisie. Tafsiri kilicho wazi, na yaliyobaki yaandike kama maswali kwa mshauri, kila swali na namba ya kipengele chake: PRV iliyo juu ya heita ghorofa ya pili, inatoa bar ngapi au inafunguka kwa bar ngapi? 25 mm ya bomba la kupandisha ni kipenyo cha nje au ni jina la GI? Klasi C ya laini ya bustani ni ya bomba gani? Jumatatu asubuhi mhandisi atanuna kidogo akiyaona, kisha atafungua mchoro.